Duka la Mwanjelwa: wizi ulikuwa wa kweli, risiti tisa ndo zikaua madai yote

Nimefanya kazi ya kutathmini hasara za bima miaka kadhaa, na kisa ninachorudiwa kuulizwa ni hiki cha duka la simu na tivii pale Mwanjelwa, Mbeya. Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili mwenyewe asijulikane, na kampuni ya bima siitaji. Hesabu nimezizungusha kidogo ila uwiano ni uleule.

Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba huyu mzee hakujiibia, aliibiwa kweli. Usiku wa saa nane na kitu walikuja watu na grainda wakakata kufuli mbili za shata, wakaingia, wakatoka na mzigo, na kamera ya duka la ng'ambo ya barabara iliwaona. Mkataba wake wa bima ulikuwa hai, ada amelipa, wizi wa kuvunja umo kwenye mkataba, yani kama kuna madai ambayo mimi ningeyaita rahisi ni haya. Na bado hakulipwa hata senti.

Kilichoibiwa kwa uhalisia, tulivyokuja kukihesabu baadaye, ni simu 38, ukiweka bei ya kununulia ya wastani wa laki tatu inakuja 11,400,000. Tivii tano za inchi 43 kwa 650,000 kila moja, 3,250,000. Sabufa nane za 150,000, hiyo ni 1,200,000. Ongeza kutengeneza shata na kufuli 350,000. Jumla 16,200,000. Mkataba ulisema kwenye wizi mwenye duka anabeba asilimia 10 mwenyewe, ile wanaita eksesi, kwahiyo alikuwa anaondoka na 14,580,000. Hiyo ndo namba ya kukumbuka, kwasababu ndo aliyoipoteza.

Fomu ya madai iliyotufikia siku ya kumi na moja ilisema vingine. Simu 52. Tivii 14. Sabufa nane, hapo hakugusa. Na laptopu tatu za laki tisa tisa ambazo hazikuwa zimetajwa popote kabla. Jumla 28,950,000. Yani ameongeza 12,750,000 juu ya hasara ya kweli.

Kwanini aliongeza? Aliniambia mwenyewe mwishoni kabisa, wakati hata haisaidii tena. Kuna mtu pale sokoni, wa kwenye vijiwe vya kahawa, alimwambia "bima huwa wanakata nusu, sasa wewe ukiandika ya kweli utapewa nusu ya kweli, andika mara mbili upate yako." Hii kauli nimeisikia Mbeya, nimeisikia Dar, nimeisikia Moshi, na kinachoniudhi ni kwamba ina kaukweli ndani yake ndo maana inadumu. Ni kweli watu hupokea pungufu ya walichoandika. Lakini hakuna mtu anakaa ofisini na kisu anakata nusu kwa kujisikia, kinachopunguza ni vitu vitatu vinavyoweza kuonyeshwa kwenye karatasi: eksesi, uchakavu wa kitu kama hakikuwa kipya, na ile kanuni ya wastani pale ambapo bima uliyokata ni ndogo kuliko mali uliyonayo.

Na kwenye hiyo ya tatu mzee wetu alijichimbia shimo bila kujua. Bima yake ya bidhaa ilikuwa ya milioni 45. Mzigo wa kweli dukani usiku ule ulikuwa kama milioni 41, kwahiyo bima ilimtosha, wastani haumgusi kabisa. Sasa ukiongeza vitu vya 12,750,000 ambavyo havikuwepo, maana yake unatuambia dukani kulikuwa na mzigo wa 53,750,000, na bima ya 45 haitoshi tena. Hapo kampuni inalipa 45 juu ya 53.75 ya hasara, kama asilimia 84 hivi. Yani hata tungemwamini kila neno, hasara ya bidhaa aliyoandika ya milioni 28.6 ingeshuka mpaka chini kidogo ya milioni 24 kabla hata ya eksesi. Uongo wenyewe ulikuwa unamkata.

Haya, tuje kwenye namna tulivyogundua, maana watu wanadhani kuna mashine ya uongo au mtu amemchoma. Hakuna aliyemchoma. Kazi ya mpelelezi wa bima ni ya kuchosha sana, ni kuchukua karatasi ambazo ziliandikwa na watu tofauti, siku tofauti, kwa sababu tofauti, halafu kuzilaza mezani pamoja na kuangalia kama zinasalimiana. Mtu anayedanganya anajitahidi kutengeneza karatasi moja iwe nzuri, anasahau zile nyingine tano ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya bima.

Karatasi ya kwanza ni maelezo ya polisi. Asubuhi ya tukio aliyekwenda kuchukua RB ni binti anayeuza duka, sio mzee, mzee alikuwa safarini Tunduma. Binti aliandikisha simu "kama 40 hivi", tivii tano, sabufa nane. Siku kumi na moja baadaye tivii zimekuwa 14. Sasa sikiliza, orodha kuongezeka yenyewe sio udanganyifu. Mtu aliyevunjiwa duka asubuhi anatetemeka, anataja anachokiona hakipo, baadaye anahesabu vizuri anakumbuka vingine, mimi huwa nategemea orodha iongezeke kidogo. Ila inaongezekaga kwa vitu vidogo, chaja, memori kadi, spika ndogo. Mtu kusahau tivii tisa ambazo zilikuwa zimesimama ukutani anaziangalia kila siku, hapo unaweka alama ya kuuliza kwa penseli, sio kwa kalamu.

Ya pili sio karatasi, ni ile kamera ya jirani. Ilionyesha bajaji moja. Imekuja mara moja, imepakia, imeondoka, haikurudi. Boksi la tivii ya inchi 43 lina urefu wa zaidi ya mita moja na unene wa sentimita 14 hivi. Tano unazipanga nyuma ya bajaji, zinabanana na sabufa na mifuko ya simu, zinaingia. Kumi na nne ukizipanga ubavu kwa ubavu ni karibu mita mbili za unene, na bajaji yenyewe kwa nyuma haina hata mita moja na nusu ya upana. Tukamuuliza mzee kama labda walikuja na gari lingine, akasema inawezekana, kamera haioni upande wa pili. Sawa, inawezekana. Upande wa pili kuna ukuta wa choo cha soko.

Hapo bado sijashawishika, naomba niseme hivyo. Nimewahi kuona madai yana dosari kama hizi tatu nne halafu mtu alikuwa mkweli kabisa ila mbovu wa kumbukumbu. Kinachobadilisha mambo ni karatasi za manunuzi.

Mzee alileta risiti za aina mbili. Simu na tivii tano zilikuwa na risiti za EFD kutoka Kariakoo, hizo unazikagua hata kwa simu yako, unaingia verify.tra.go.tz unaandika ile namba ya uhakiki iliyo chini ya risiti, inakuletea muuzaji, tarehe na kiasi. Zote zilikubali. Pia kulikuwa na stakabadhi za mabasi, kila mzigo uliotoka Dar kuja Mbeya una karatasi ya parseli yenye idadi ya maboksi, na zile tano zilikuwepo.

Zile tivii tisa zilikuja na risiti za mkono. Risiti tisa, kila tivii na yake, kutoka kwa muuzaji mmoja, za tarehe tofauti kuanzia Januari mpaka Juni. Namba za kitabu: 0412, 0413, 0414, zinaendelea hivyo hivyo mpaka 0420. Hebu fikiria hiyo. Muuzaji wa Kariakoo, mwezi wa kwanza kauza tivii moja kwa mzee wa Mbeya, na toka hapo mpaka mwezi wa sita hajamwandikia risiti mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa huyuhuyu mzee. Hili kosa ni la kawaida kiasi kwamba mtathmini yeyote akipokea risiti za mkono kitu cha kwanza anachofanya ni kuangalia namba, hata kabla ya kusoma bei. Na hakuna hata stakabadhi moja ya basi kwa hizo tisa, wala muamala wa simu, wakati kwenye taarifa yake ya miamala malipo ya zile tano yote yanaonekana.

Tukamtafuta muuzaji. Hakukataa kitabu, alisema kitabu ni changu ila huo mwandiko sio wangu, mzee aliniomba kurasa chache "za kuweka hesabu sawa." Tulimwomba aandike maelezo asaini, akaandika.

Kilichomaliza kabisa ni simu. Kwenye fomu ya madai unatakiwa kuorodhesha IMEI, ile namba ya tarakimu 15 ya kila simu. Mzee alitoa IMEI 52. Na mimi nikaomba kitu ambacho nadhani hakukifikiria, daftari la waranti. Maduka mengi ya simu mteja akinunua wanaandika jina, tarehe na IMEI ili akirudi simu mbovu wajue ni yao. Binti wa dukani alikuwa analiandika hilo daftari vizuri mno, mwandiko wa shule, kila mstari umepigwa rula. Nikakaa nalo jioni nzima na ile orodha. IMEI 14 kati ya zile 52 zilikuwa kwenye daftari, zimeuzwa, nyingine miezi miwili kabla ya wizi, kwa watu wenye majina. Maboksi matupu ya hizo simu yalikuwa yamebaki stoo, naona alizitoa huko namba.

52 kutoa 14 ni 38. Hesabu ya mzigo nayo, yani mzigo wa mwanzo ongeza manunuzi toa mauzo, ilikuja hapohapo, 38. Laptopu tatu hazikuwa na karatasi yoyote, duka halijawahi kuuza laptopu.

Kabla ya kuandika ripoti tulimwita. Huwa hatuanzi na "umetudanganya", tunaanza na swali la wazi, tueleze mzee ulivyoandaa hii orodha. Mpelelezi makini anampa mtu nafasi ya kueleza kila kitu kinachopishana, kwa sababu mbili. Moja, huenda ana maelezo. Mbili, mahakama ikija kuuliza tutasema tulimuuliza akajibu hivi, na sahihi yake hii hapa. Mzee nikamwonyesha zile risiti akasema, "Kijana wangu, muuzaji huwa anaandika anavyojua yeye." Nikamwonyesha daftari akasema binti kakosea. Binti alikuwa amekaa palepale. Akanyamaza tu akaangalia chini, na mimi mpaka leo hiyo sura sijaisahau.

Sasa swali ambalo kila mtu anauliza, na ni la haki: kwanini kampuni isikate zile za uongo ikalipa za kweli? Simu 38 ziliibiwa, zina risiti, zina IMEI, zilipe basi.

Jibu liko kwenye sharti moja la mkataba ambalo watu hawalisomi, lipo karibu kwenye mikataba yote ya moto na wizi. Linasema, kwa maneno yangu, kwamba madai yakiwa na udanganyifu kwa namna yoyote, au mwenye bima akitumia njia au hila za udanganyifu kujipatia faida, basi manufaa yote chini ya mkataba yanapotea. Maneno yenye uzito ni "kwa namna yoyote" na "yote". Sharti haliangalii kitu kimoja kimoja, linaangalia madai kama kitu kimoja.

Na hata mkataba usingesema, sheria ya kawaida ya Waingereza ambayo mahakama zetu zimeirithi inasema hivyohivyo. Kuna kesi ya Uingereza, Mahakama ya Rufani, 1997, mtu alivunjiwa nyumba akaibiwa vitu vya kama pauni elfu 16 kweli tupu, akaongezea kompyuta ya pauni 2,000 ambayo haikuwepo, na risiti ya kughushi. Alikosa zote. Wakili akajitetea kwamba uongo ni kasehemu kadogo tu, na jaji mmoja, Millett, akajibu kwamba ukipima uongo kwa kulinganisha na ukubwa wa madai, basi mwenye hasara kubwa ya kweli ndo atakuwa na ruhusa ya kudanganya zaidi. Mimi hiyo hoja nikiisoma huwa naona haina pa kutokea. Na sababu nyingine ni rahisi zaidi, kama adhabu ya kuongeza ingekuwa kuondolewa tu ulichoongeza, kila mtu angeongeza, maana ukikamatwa unarudi ulipokuwa.

Ila kuna mipaka, na hapa watu wa bima wenyewe huwa wanazidisha. Kutaja bei ya juu sio udanganyifu. Ungeandika tivii ni laki nane na mimi nikasema sokoni ni laki sita na nusu, hiyo ni mazungumzo, bei wote tunaweza kuiangalia, hujanificha kitu. Kukosea hesabu sio udanganyifu. Kukosa risiti sio udanganyifu, nusu ya wafanyabiashara ninaowajua hawana risiti za kila kitu. Udanganyifu ni kusema kitu unajua sio kweli, au hujali kama ni kweli, ili ulipwe.

Na hata uongo wenyewe sio wote. Meli moja ya mizigo, DC Merwestone, chumba chake cha injini kilijaa maji Januari 2010, hasara zaidi ya euro milioni tatu. Meneja wa wenye meli akawaambia bima uongo kuhusu kengele ya hatari ili mambo yaende haraka, uongo ambao ukweli ulipojulikana ikaonekana haukubadilisha chochote, wangelipwa tu. Mahakama ya Juu kabisa ya Uingereza mwaka 2016 ikasema huo uongo wa pembeni hauui madai, walipwe. Lakini usiichukue hiyo ukajikinga nayo Mbeya, kwasababu uongo wa mzee haukuwa wa pembeni, ulikuwa ndo kiasi chenyewe, na mkataba wake ulikuwa umetaja "hila" kwa jina.

Kingine kinachowalinda wateja ni uzito wa ushahidi. Anayesema kuna udanganyifu ndiye anayethibitisha, yani kampuni. Na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki tangu 1957 ilishasema udanganyifu kwenye kesi ya madai unahitaji zaidi ya ule mzani wa kawaida wa nani kaelekea ukweli, ingawa haufiki kiwango cha jinai. Ndo maana ripoti yangu ilikuwa na kurasa sitini na kitu. Kamera ya bajaji peke yake isingetosha, orodha ya RB peke yake isingetosha. Kama ningekuwa na hizo mbili tu ningeshauri kampuni ilipe tivii tano na inyamaze.

Barua ya kukataa madai ilitoka wiki ya nane. Ilitaja sharti kwa namba, ikaeleza risiti na IMEI, ikasema mkataba unasitishwa kuanzia tarehe ya madai, ada hairudishwi. Haikusema mkataba haukuwahi kuwepo, watu huchanganya hapo. Mkataba kufutwa tangu mwanzo ni pale uliposema uongo wakati unakata bima. Ukidanganya kwenye madai, yaliyopita yamepita, na kweli mwaka uliotangulia mzee alikuwa amelipwa kwa kioo kilichovunjika na hakuna aliyemdai airudishe.

Alilalamika kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ni haki yake na aliitumia. Akaulizwa kuhusu zile namba 0412 mpaka 0420 na hakuwa na jibu jipya. Kampuni haikupeleka kesi ya kughushi polisi ingawa ingeweza, nadhani waliona mzee kashaumia. Alipoenda kukata bima kampuni nyingine fomu ikamuuliza kama amewahi kukataliwa madai. Sijui aliandika nini.

Miezi kama mitano baadaye polisi walikamata kijana Uyole na simu tatu ambazo IMEI zake zilikuwa kati ya zile 38. Kama bima ingekuwa imelipa, hizo simu zingekuwa za kampuni. Kwakuwa haikulipa zilikuwa za mzee, akaitwa kituoni kuzichukua. Alimtuma binti, akaenda na daftari lake la waranti kuthibitisha namba.